Video ya vitumbua na sauti zilizobandikwa

"Nilirekodi kwa simu video ya sekunde 38 ya mama mmoja wa mtaani kwetu Tanga akichoma vitumbua barazani alfajiri. Sauti ilijaa upepo na redio ya jirani, nikaifuta yote. Nikapakua sauti kama kumi na nne mtandaoni: mafuta yanayokaanga, ndege wa asubuhi, nyayo, sarafu, jogoo. Kila moja peke yake ni nzuri, lakini nikiziweka pamoja zinasikika kama zimebandikwa juu ya picha, na kila nikiongeza nyingine ndiyo inaharibika zaidi. Natumia simu, na mara mojamoja kompyuta yenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Nakosea wapi?"

Ndugu yangu, kabla ya yote irudishe ile sauti uliyoifuta. Kama faili la mwanzo bado limo kwenye simu, umenusurika. Sikuambii uitumie ilivyo. Nataka ikuongoze, kwa sababu ndani ya ule upepo mna mahali hasa rojo lilipogusa mafuta, mahali mama alipokwangua karai, na mahali sarafu zilipodondoka kiganjani. Iweke kwenye traki yake ya juu, panga sauti nyingine kwa kuifuata, kisha uizime.

Isikilize pia kwa makini katikati ya vishindo. Upepo hauvumi kwa nguvu moja, hupiga na kutulia. Ukipata sekunde mbili au tatu tulivu za karai lile lile, zikate uziweke akiba. Mngurumo wa upepo hukaa zaidi kwenye sauti nene za chini, kwa hiyo High-Pass Filter ya Audacity ukiiweka kwenye Hezi 150 hivi itaondoa sehemu kubwa bila kuyagusa mafuta, ambayo sauti yake iko juu sana. Ila pale upepo ulipoizidi maikrofoni nguvu mpaka sauti ikawa kama kitambaa kinachopasuliwa, paache, hakuna kichujio kinachorudisha kilichopotea. Na popote redio ya jirani inaposikika ikipiga wimbo, paache pia. Wimbo una mwenyewe, na mitandao ya video huutambua hata ukiwa kipande kifupi kilicho nyuma ya kelele nyingine.

Sasa tuingie kwenye tatizo lenyewe. Sauti zako kumi na nne zimerekodiwa mahali kumi na nne. Mafuta yalirekodiwa jikoni mwa mtu, maikrofoni ikiwa karibu kabisa na kikaango. Nyayo zilirekodiwa studio, kwenye chumba kilichozibwa mwangwi makusudi. Jogoo yuko uwanjani. Sikio halijui majina ya sehemu hizo, lakini hujua mara moja kwamba si sehemu moja, na hapo ndipo unapopata ile hisia ya kubandikwa. Ndiyo maana kuongeza kunaharibu: kila sauti mpya inakuja na chumba chake. Video hii haihitaji sauti kumi na nne. Nikiihesabu kwa namna ninavyofanya kazi, naona mkeka mmoja, karai moja, vitendo vinne au vitano, na vitu viwili vya mbali. Basi.

Nianze na mkeka. Ndilo jina ninaloipa sauti ya mahali, ile isiyo ya kitu kimoja: hewa ya mtaa, mji unaovuma kwa mbali, kunguru wawili watatu, sauti za watu zisizofahamika maneno. Hutandikwa kwanza, na vingine vyote hukalishwa juu yake. Kazi yake kubwa ni kuunganisha. Video yako nadhani ina picha tano au sita zilizokatwa, na jicho linaona kila mkato. Mkeka ukipita chini ya mikato yote bila kukatika, sikio linamwambia mtazamaji kwamba bado yuko pale pale barazani. Watu wengi hufanya kinyume: picha ikibadilika nao wanabadilisha sauti, wakidhani wanafuata picha, na matokeo yake kila mkato unasikika kama mlango uliobamizwa. Picha inapokaribia karai, ushushe mkeka kidogo tu, desibeli 3 hivi, taratibu kwa muda wa nusu sekunde. Usiubadilishe.

Mkeka wa kupakua ndio unaokudanganya zaidi kuliko sauti nyingine. "Ndege wa asubuhi" wengi walioko kwenye maktaba za mtandaoni walirekodiwa Ulaya au Amerika ya Kaskazini. Niliwahi kuweka ndege wa aina hiyo kwenye video ya kijiji cha pwani, nikaridhika nayo kabisa, mpaka mzee mmoja aliyeonyeshwa akauliza, "Hawa ndege ni wa wapi?" Hakusema neno lolote kuhusu picha. Alfajiri ya Tanga ina kunguru, ina jogoo wasiofuata zamu, ina fagio la chelewa linalokwaruza uwanja wa nyumba ya pili. Mtu wa pale hahitaji kuelezwa, na mtu asiyetoka pale naye huhisi kwamba sauti ile ina mwenyewe.

Kwa hiyo nenda ukarekodi mkeka wako. Rudi baraza ile ile, saa ile ile, siku isiyo na upepo, umwombe mama ruhusa. Simama upande uliokingwa na ukuta, laza simu juu ya nguo iliyokunjwa ili isipokee mitetemo ya sakafu, iweke katika hali ya ndegeni, kisha kaa kimya dakika tano. Dakika tano zitakuchosha, lakini utazihitaji, maana ndani yake utachagua dakika moja isiyo na tukio la kukamata sikio. Ukiwa na sekunde kumi tu utalazimika kuzirudiarudia, na jogoo aliyewika kwenye sekunde ya sita atawika mara nne katika video yako, kwa sauti ile ile, kwa mpigo ule ule. Mtazamaji anaweza asiseme "jogoo yule yule", lakini imani yake imeshakatika. Ikibidi kuunga vipande viwili, viache vipishane kwa sekunde mbili, kimoja kikififia huku kingine kikipanda, na uungie mahali pasipo na tukio lolote.

Kuna mtego hapa ambao nimeona ukiwapata watu wengi. Usirekodi mkeka kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, wala kwa programu ya simu iliyotengenezwa kwa ajili ya mahojiano. Programu hizo zinatafuta maneno ya mtu, na kila sauti inayoendelea kwa usawa huihesabu kuwa kelele na kuifuta. Mkeka ndio huo huo: sauti inayoendelea kwa usawa. Utarudi nyumbani na rekodi inayopumua kwa ajabu, ikizama na kuibuka, yenye vipande vya kunguru visivyo na hewa nyuma yao. Tafuta programu inayorekodi WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, na kukuruhusu kuzima upunguzaji wa kelele. Ukikosa, rekodi video ya kawaida kwa kamera ya simu, kisha utoe sauti yake. Mara nyingi itakuwa afadhali.

Tuje kwenye karai, ambalo ndilo moyo wa video yako. Mafuta ya moto yenyewe hayana sauti. Kinacholia ni maji. Rojo la mchele na nazi lina maji mengi, na linapoingia kwenye mafuta yenye joto kupita lile la maji kuchemka, maji hayo yanageuka mvuke ghafla, mapovu yanapanda na kupasuka juu. Ndiyo sababu sauti ya kitumbua ina maisha yake: hulipuka rojo linapomiminwa, hupungua kadiri ngozi ya chini inavyoshika na maji kuisha, kisha hulipuka tena, kidogo, kitumbua kinapogeuzwa na upande mbichi ukagusa mafuta. Mama anayeuza vitumbua husikia kwa sikio wakati wa kugeuza umefika. Sasa fikiria faili ulilopakua. Huenda ni viazi au nyama iliyozamishwa kwenye mafuta mengi, nayo inalia kwa kiwango kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Picha inamimina, sauti haibadiliki. Picha inageuza, sauti haibadiliki. Hata kama ni rekodi safi namna gani, itaonekana ya uongo.

Kuna jambo jingine: sauti ya kukaanga isiyobadilika, ikisikika kwa chini, inafanana sana na mvua. Kama picha yako ya kwanza inamwonyesha mama kwa mbali, mtazamaji atasikia mvua huku akiona ardhi kavu, na hatajua kwa nini anahisi vibaya. Kinachoitofautisha na mvua ni yale mabadiliko, pamoja na mlio wa chuma: kijiti kinachogonga ukingo wa karai, upawa unaokwangua bakuli.

Irekodi mwenyewe. Mkiwa na karai la vitumbua nyumbani, weka simu sentimita 30 kutoka ukingoni, pembeni, isiwe juu ya mvuke wala mahali mafuta yanapoweza kuruka. Zima feni, funga dirisha la barabarani. Rekodi kwanza mimino moja peke yake, uache itulie mpaka iishe, kisha kugeuza peke yake, kisha karai zima likiwa limejaa kwa dakika moja. Ukishazipata hizo tatu, hutahitaji faili la mtu.

Mwanzo wa kila sauti uwekwe kwenye fremu ambayo rojo linagusa mafuta, si ile ambayo upawa unainama. Kosa hili ni dogo lakini lipo kila mahali, kwa sababu jicho la mhariri linakamata kwanza mkono unaotembea. Kama video yako ni ya fremu 30 kwa sekunde, fremu moja ni kama milisekunde 33. Ukishindwa kupata fremu kamili, afadhali sauti ichelewe kuliko kutangulia. Watu huanza kugundua sauti iliyotangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, lakini iliyochelewa huvumiliwa mpaka karibu milisekunde 125. Sababu yake iko katika maisha ya kila siku: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mtu anayepasua kuni mita 34 kutoka kwako, shoka lake unaliona kwanza na kulisikia sehemu ya kumi ya sekunde baadaye. Hakuna mtu aliyewahi kusikia shoka kabla halijatua.

Sasa hata sauti zako mwenyewe zikiwa nzuri, lazima uzisogeze ziwe umbali wa picha. Wengi hudhani umbali ni kushusha sauti tu, na hapo wanakwama. Kitu kikiwa mbali, vitu vitatu hubadilika pamoja. Nguvu hupungua, kwa uwanja wazi kama desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Makali ya juu hupungua pia, kwa sababu kuta, kona, miili ya watu na hewa yenyewe huyala kabla ya zile sauti nene. Na kiasi cha mwangwi dhidi ya sauti yenyewe huongezeka, kwani sasa unapokea zaidi kile kilichogonga kuta. Ukishusha nguvu peke yake unapata karai la karibu linalonong'ona, si karai la mbali.

Chukua picha yako ya kwanza. Tuseme baraza iko kwenye uchochoro na kamera iko mita nane kutoka kwa mama, ingawa rekodi ya karai ni ya karibu kabisa. Mimi ningeshusha karai desibeli 18 hivi kulinganisha na lile la picha ya karibu, nikapitisha Low-Pass Filter kwenye Hezi 5000 ipunguze makali ya juu, kisha nikaongeza Reverb, yaani mwangwi, kidogo. Katika Audacity weka Room Size chini, kama 20 au 30, na Wet Gain, ambayo ni nguvu ya mwangwi, ishuke mpaka usiutambue mwangwi kama mwangwi. Ukiuzima ndipo uone umepungukiwa na kitu. Uchochoro wa kuta za matofali unarudisha sauti haraka na kwa ufupi. Ukiacha Reverb ya kumbi kubwa, mama atakuwa anachoma vitumbua kanisani. Kisha picha inapokata kwenda karibu, karai linarudi kamili, kavu, lenye makali yake. Tofauti hiyo kati ya picha ya kwanza na ya pili ndiyo itakayomfanya mtazamaji ahisi amesogea.

Kipime kipande hicho kabla ya kugusa video nzima. Chukua sekunde kumi: sekunde nne za picha ya mbali, sita za karibu. Mkeka uanze nusu sekunde kabla ya picha, upite chini ya zote mbili. Karai la mbali likiwa limechujwa. Kwenye mkato, karai la karibu. Mimino moja kwenye fremu yake. Zima kila kitu kingine, jogoo na nyayo zako zote. Funga macho usikilize. Kama unaweza kuona uchochoro, endelea. Kama unasikia mafaili matatu, rudi kwenye umbali, usiongeze faili la nne. Audacity haikuonyeshi picha, kwa hiyo andaa kila sauti humo, itoe kama WAV, uipange kwenye programu yako ya video ya simu.

Vilivyobaki ni vichache. Gazeti likifunga vitumbua na sarafu zikiingia kiganjani, ndiyo, viweke. Sarafu za kupakua mara nyingi huanguka juu ya meza ngumu na kulia kama kengele. Sarafu kwenye kiganja hulia kwa ufupi na unene, kwa hiyo rekodi zako mwenyewe mkononi mwako. Nyayo, kama miguu inayotembea haionekani wazi kwenye picha, ziache. Nyayo zisizo za lazima ndizo zinazonuka studio kuliko kitu chochote.

Halafu vile viwili vya mbali, visivyoonekana kwenye picha. Hivi vinaupanua mtaa kupita ukingo wa skrini. Kwa Tanga ningechagua lile fagio la chelewa, likiwa kama nyumba mbili mbele, na muuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake akipita mara moja tu. Viweke pale picha ilipotulia, kamwe si juu ya mimino, maana sikio haliwezi kufuata matukio mawili ya ghafla kwa pamoja na litayaacha yote. Adhana isiwemo kama hukuirekodi pale pale siku ile. Ina saa yake na watu wanaijua sauti ya muadhini wao; kuibandika kutoka mahali pengine ni kusema uongo kuhusu mtaa wa watu. Kwa jumla hapo ndipo ninapochora mstari: kurudisha sauti ya kitu kilichokuwepo ni kazi halali, lakini kama video hii itatumika kama habari au ushahidi wa tukio, usiongeze kitu ambacho hakikutokea, na useme wazi kwamba sauti imetengenezwa upya.

Mwisho sikiliza kwa vifaa viwili. Spika ya simu haitoi sauti nene, hivyo mkeka uliojaa mvumo wa chini utatoweka kabisa na karai litabaki uchi. Vipokea sauti vya masikioni vitakuonyesha kinyume chake, viunganisho na mikwaruzo ambayo spika iliificha. Mkeka uwe unasikika kwa shida kwenye spika ya simu na bila usumbufu masikioni. Vilele vya mimino visipite desibeli hasi 1, na usiivute video nzima juu kwa nguvu ili ilingane na video za muziki. Mkeka utapanda nao na kugeuka kelele. Ni video ya alfajiri, iache iwe ya kimya.

Kuna hali mbili ambazo nisingekuacha upambane peke yako. Ya kwanza, kama ndani ya ule upepo mama alisema maneno ambayo video haiwezi kuishi bila hayo. Kusafisha maneno ni kazi nyingine kabisa, na ukijaribu kwa vichujio vya kawaida utaharibu kilichobaki. Ya pili, kama kazi hii inakwenda kwenye televisheni, ukumbi wa sinema au kwa mteja anayelipa, kwa sababu chumba chako na vipokea sauti vyako vinakuficha mambo ambayo spika kubwa zitayafichua mbele ya watu. Nenda kwa fundi sauti wa studio au wa redio ya karibu, ukae naye saa moja. Mpelekee faili la mwanzo kwa waya au kadi ya kumbukumbu, si lile lililopitia WhatsApp, pamoja na sauti zako kila moja kwenye traki yake, bila Reverb, ili aweze kuzisogeza mwenyewe.